Nani apewe ofa gani: mwongozo kamili wa kugawa wateja kwa siku ya mwisho kununua na idadi ya mara walizonunua

Wengi wanaojaribu kazi hii hukwama mahali pale pale. Wanachukua ule mtindo wa kumpa kila mteja alama 1 hadi 5 kwa siku zilizopita tangu anunue na 1 hadi 5 kwa mara alizonunua, wanapata vyumba 25, kisha wanagundua kuwa duka lao lina wateja mia mbili na zaidi ya nusu wamenunua mara moja tu. Alama zinawatenganisha watu waliofanana kabisa. Mwishowe mwenye duka anachoka, anaandika ujumbe mmoja wa punguzo la asilimia 10 na kuutuma kwa wote.

Njia ninayoeleza hapa ina makundi sita tu, na mipaka yake inatoka kwenye mwendo wa wateja wako mwenyewe. Nitatumia mfano wa duka la vipodozi Sinza, Dar es Salaam, lenye wateja 212 katika miezi 12 inayoishia tarehe 30 Juni 2025. Linauza losheni, mafuta ya nywele, sabuni na manukato, dukani na kwa oda za WhatsApp.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kumbukumbu za mauzo za miezi 12. Ukiwa na 6 unaweza kuanza, ila usishuke chini ya hapo. Zinaweza kuwa kwenye daftari, meseji za malipo ya simu, au oda za WhatsApp.
- Kwa kila mauzo: tarehe, namba ya simu ya mteja na kiasi cha pesa. Jina halitoshi. Kina Mama Asha katika mtaa mmoja ni wengi, na meseji ya malipo inaweza kuja na jina la mume.
- Akaunti ya Google Sheets. Fomula zote hapa ni za huko.
- Bei ya kununulia ya bidhaa zako zinazotoka zaidi. Utaihitaji utakapofika kwenye ofa, na wengi huisahau.

Kama kuna mauzo ya taslimu yasiyo na namba, yaache nje. Usiyabunie mteja.

## Hatua ya 1: Ingiza mauzo, na utengeneze tarehe kwanza

Fungua ukurasa uuite `Mauzo`. Safu A iwe tarehe, B simu, C kiasi. Mstari mmoja kwa kila mauzo.

Kabla hujaandika tarehe hata moja, nenda `File > Settings > Locale` uchague `United Kingdom`. Ukiacha `United States`, tarehe 05/03/2025, ambayo kwako ni tarehe 5 Machi, itasomwa kuwa tarehe 3 Mei. Kwenye hesabu yetu ya tarehe 30 Juni, mteja aliyekaa siku 117 bila kununua ataonekana amekaa siku 58. Hakuna alama nyekundu itakayokuonya. Jedwali litakaa vizuri tu, na mteja anayekuacha atahesabiwa kuwa yupo nawe.

Dalili ni hii: tarehe zenye siku kubwa kuliko 12, kama 25/04/2025, zinakataa kuwa tarehe na kubaki maandishi yaliyoegemea kushoto mwa seli. Ukiona baadhi zimeegemea kulia na nyingine kushoto, usiendelee. Badili `Locale` kisha ziandike au uzibandike upya kutoka kwenye chanzo, maana zile zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi zenyewe.

Imefanikiwa kama: ukiandika `=ISNUMBER(A2)` kwenye seli tupu na kuishusha hadi mwisho, kila mstari unasema `TRUE`.

## Hatua ya 2: Mteja mmoja awe na namba moja

Namba ile ile huandikwa kwa namna nyingi: inaanza na +255, inaanza na 0, ina nafasi katikati, au sifuri yake imemezwa na Sheets. Kwa macho yako ni mtu mmoja. Kwa fomula ni watu wanne walionunua mara moja moja. Duka linaweza kuamini halina wateja wa kudumu kwa sababu hii peke yake.

Chagua safu B, nenda `Format > Number > Plain text`. Kisha kwenye D2 weka fomula hii uishushe hadi mwisho:

```
=IF(B2="","","0"&RIGHT(REGEXREPLACE(TO_TEXT(B2),"[^0-9]",""),9))
```

Inaondoa kila kisicho tarakimu, inachukua tarakimu 9 za mwisho, inarudisha sifuri mbele. Inafaa namba za Tanzania na Kenya, kwa kuwa zote zina tarakimu 9 baada ya msimbo wa nchi. Ila usizichanganye za nchi mbili kwenye orodha moja, maana msimbo unafutwa.

Kinachobaki ni kazi ya mikono: mteja mwenye laini mbili, au anayelipa kwa simu ya mumewe. Panga kwa jina kama unalo, pitia wateja 30 wanaonunua zaidi, na palipo na mtu mmoja mwenye namba mbili, badilisha kwenye safu B zote zifanane. Usijaribu kuwamaliza wote. Kwa hao 30 kosa ni la gharama. Kwa mtu aliyenunua sabuni moja mwaka jana halibadilishi lolote.

Imefanikiwa kama: kila seli ya D ina tarakimu 10, na idadi ya wateja tofauti unaipata bila kushtuka.

## Hatua ya 3: Orodha ya wateja, siku na mara

Fungua ukurasa wa pili, `Wateja`. Kwenye H1 andika tarehe ya kufungia hesabu: 30/06/2025. Usitumie `TODAY()`. Ukiitumia, kundi ulilolitumia ujumbe Jumatatu litakuwa limebadilika Ijumaa, na hutajua tena nani alipata nini.

Kwenye A2:

```
=UNIQUE(FILTER(Mauzo!D2:D,Mauzo!D2:D<>""))
```

Orodha ikishatoka, ichague yote, inakili, kisha ibandike palepale kwa `Ctrl+Shift+V` ili zibaki thamani tupu. Usipofanya hivyo hutaweza kuipanga baadaye.

B2 ni tarehe ya mwisho kununua (ipe safu hii muundo wa tarehe, la sivyo utaona namba kama 45838), C2 ni siku zilizopita, D2 ni mara alizonunua:

```
=MAXIFS(Mauzo!A:A,Mauzo!D:D,A2)
=$H$1-B2
=COUNTUNIQUEIFS(Mauzo!A:A,Mauzo!D:D,A2)
```

Fomula ya tatu inahesabu siku tofauti, haihesabu risiti. Mtu aliyenunua losheni saa nne na kurudi saa tano kuchukua sabuni aliyoisahau amekuja mara moja. Ukihesabu risiti utampa heshima ya mteja wa mara mbili, na utakosa kuona kuwa hajawahi kurudi.

Imefanikiwa kama: hakuna namba hasi kwenye C, na hakuna sifuri kwenye D. Namba hasi maana yake kuna tarehe iliyoandikwa mbele ya tarehe ya kufungia.

## Hatua ya 4: Tafuta mipaka kwenye mwendo wa wateja wako

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapokimbia. Wanaandika "siku 30, 60, 90" kwa sababu zinasikika vizuri. Lakini siku 45 bila kununua ni jambo la kawaida kwa losheni kubwa, ni hatari kwa unga wa sembe, na kwa godoro hazina maana yoyote. Mpaka lazima ujibu swali moja: mteja anayerudi kwangu hurudi baada ya siku ngapi?

Rudi `Mauzo`. Panga jedwali zima kwa safu D, kisha ndani yake kwa safu A, kutoka ya zamani kwenda mpya. Ukishapanga, weka hii kwenye E3 uishushe:

```
=IF(AND(D3=D2,A3>A2),A3-A2,"")
```

Inatoa pengo la siku kati ya ununuzi mmoja na unaofuata wa mteja yule yule. Kisha mahali patupu:

```
=MEDIAN(E:E)
=PERCENTILE(E:E,0.8)
```

Duka letu la Sinza linapata 38 na 65. Yaani nusu ya marudio hutokea ndani ya siku 38, na manane kati ya kumi ndani ya siku 65. Basi mteja aliyevuka siku 65 amechelewa kuliko kawaida ya duka hili. Huo ndio mpaka wa kwanza. Wa pili ni mara mbili yake, siku 130. Mpaka wa pili ni wa kukadiria, sikufichi; kazi yake ni kutenganisha anayechelewa na aliyekwisha kwenda.

Andika 65 kwenye H3 na 130 kwenye H4 za ukurasa wa `Wateja`.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mapengo haya yanatoka kwa waliorudi tu. Walioondoka moja kwa moja hawamo, kwa hiyo namba inakuonyesha duka likiwa zuri kidogo kuliko lilivyo. Pili, kama unauza vitu viwili vyenye mwendo tofauti sana, tuseme chakula cha kuku na vyombo vya kulishia, mapengo yatachanganyika na mpaka hautafaa popote. Fanya hesabu kwa bidhaa inayokwisha na kununuliwa tena, hiyo nyingine iache. Kwa wafugaji wa kuku wa nyama kuna ugumu zaidi: mtu akiuza kuku na kupumzisha banda, anakaa kimya wiki kadhaa bila kuwa amekuhama.

Imefanikiwa kama: una mapengo 50 au zaidi kwenye safu E. Yakiwa machache, yasome kwa jicho uamue mwenyewe badala ya kuiamini fomula.

Kwa idadi ya mara, mipaka ni rahisi: mara 1, mara 2 hadi 3, mara 4 na kuendelea. Kuivuka mara ya kwanza ndiyo hatua kubwa kuliko zote, ndiyo maana "1" inakaa peke yake.

## Hatua ya 5: Weka kila mteja kwenye kundi

Kwenye E2 ya `Wateja`:

```
=IF(D2=1,
 IF(C2<=$H$3,"Mgeni","Mpita njia"),
 IF(C2<=$H$3,
  IF(D2>=4,"Nguzo","Anayezoea"),
  IF(C2<=$H$4,"Anayeyumba","Aliyepotea")))
```

Ishushe hadi mwisho, kisha hesabu kila kundi kwa `=COUNTIF(E:E,"Nguzo")` na wenzake. Duka letu linatoka hivi:

| Kundi | Mara | Siku tangu anunue | Watu |
|---|---|---|---|
| Mgeni | 1 | hadi 65 | 31 |
| Mpita njia | 1 | zaidi ya 65 | 87 |
| Anayezoea | 2–3 | hadi 65 | 27 |
| Nguzo | 4+ | hadi 65 | 24 |
| Anayeyumba | 2+ | 66–130 | 26 |
| Aliyepotea | 2+ | zaidi ya 130 | 17 |

Jumla ni 212. Kama yako haifiki idadi ya wateja, kuna seli zenye kosa.

Mtazame mteja mmoja kwa karibu. Amenunua tarehe 4 Januari, 10 Februari, 22 Machi na 19 Aprili 2025. Mapengo yake ni siku 37, 40 na 28. Mara nne: kwenye daftari huyu ni mteja mzuri, na mwenye duka angekuambia hivyo bila kusita. Lakini hadi tarehe 30 Juni amekaa siku 72. Mtu ambaye hajawahi kuvuka siku 40 amekaa 72. Fomula inamwita Anayeyumba, na ina haki. Yeye ndiye wa kumpigia simu leo, kabla hata hujaandika ujumbe wa kundi lolote.

## Hatua ya 6: Amua ofa, ukianza na hesabu ya faida

Losheni inauzwa shilingi 12,000 na kununuliwa 9,000. Faida ni 3,000. Punguzo la asilimia 10 ni shilingi 1,200, na zote zinatoka kwenye ile 3,000. Umetoa asilimia 40 ya faida yako. Ili urudi pale ulipokuwa, uuze chupa tano mahali ulipouza tatu.

Sasa wapelekee punguzo hilo Nguzo 24, kila mmoja achukue chupa moja. Bila punguzo ungepata faida ya 72,000. Kwa punguzo unapata 43,200. Umewalipa watu shilingi 28,800 wanunue walichokuwa wanakuja kununua. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote, na hufanywa kwa nia njema, kwa kuwa mwenye duka anataka kuwashukuru.

Nguzo. Hakuna punguzo. Wape kinachoonyesha unawajua: waambiwe mzigo mpya umefika siku moja kabla ya wengine, uwawekee chupa yao isiishe, uwapelekee kwa bodaboda bila malipo siku oda ni kubwa. Shukrani ya namna hii wanaikumbuka kuliko shilingi 1,200.

Wageni. Lengo ni moja tu, ununuzi wa pili. Nusu ya wanaorudi hurudi ndani ya siku 38, basi watafute karibu na siku ya 30, losheni ikianza kukaribia kuisha. Zawadi ndogo inayotolewa wakija, kama sabuni ya kujaribu, ni bora kuliko punguzo, kwa sababu haiwafundishi kuwa bei yako halisi ni ile ya chini. Uliza kwanza: "Habari dada, ile losheni ya shea uliyochukua mwezi uliopita imekukubali?" Ukitaja bidhaa yake kwa jina atajibu, ukimwandikia "mpendwa mteja" hatajibu.

Wanaozoea. Waache waendelee. Kumbusho la upole akikaribia siku zake linatosha.

Wanaoyumba. Kama kuna punguzo la kutoa, ni hapa. Liwe na mwisho, tuseme siku 7, na lihusu bidhaa anayoitumia. Anza na wale wa mara 4 na zaidi. Kwenye mfano wetu ni 8, unaweza kuwapigia wote kwa mchana mmoja.

Waliopotea. Usianze na ofa, anza na swali. Pengine amehama, losheni imemletea vipele, au alijibiwa vibaya siku moja dukani. Punguzo haliponyi hata kimoja. Ujumbe mmoja, na akinyamaza mwache.

Wapita njia. Ni 87, kundi kubwa kuliko yote, na kwa ukubwa wake linavutia. Usipoteze muda hapa. Ukiwa na bidhaa zinazokaribia kuisha muda wake, au msimu wa sikukuu, watumie tangazo moja.

## Hatua ya 7: Tuma, na ujue nani hakupata

Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua hadi watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wageni wengi hawajaihifadhi. Utaona alama moja ya tiki na kudhani wamekupuuza. Kwa makundi madogo tuma mmoja mmoja, au tumia meseji ya kawaida.

Ongeza safu iitwayo `Asitumiwe`. Mtu akisema acheni kunitumia, mwekee alama siku hiyo hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya namba za watu pamoja na walichonunua imo ndani yake. Usiigawe faili hii kwa duka jirani.

## Hatua ya 8: Pima kwa kuacha baadhi

Kabla ya kutuma kwa Wanaoyumba 26, weka `=RAND()` kwenye safu tupu, bandika thamani zake, panga, na uwaache 8 wa mwisho bila ofa. Usichague mwenyewe, mkono wako utawapa ofa wale unaowapenda.

Baada ya siku 14, tuseme 6 kati ya 18 waliopata ofa wamenunua, na 2 kati ya 8 wasiopata. Furaha ya kwanza ni "sita wamerudi!" Lakini robo ya wasiopata wamerudi wenyewe. Kwa kiwango hicho, kati ya wale 18 wanne au watano wangekuja bila kuitwa. Ofa imeleta mmoja au wawili.

Sasa pesa. Mteja akinunua vya 30,000 faida ni 7,500. Kwa punguzo la asilimia 10 inabaki 4,500. Sita kwa 4,500 ni 27,000. Bila ofa, wanne na nusu kwa 7,500 ni 33,750. Ofa iliyoonekana kufaulu imekula karibu 6,750.

Watu 8 ni wachache mno kukata shauri. Mmoja akija siku moja baadaye picha inageuka. Andika matokeo, na raundi inayofuata gawa kundi sehemu tatu: wenye punguzo, wenye kumbusho bila punguzo, na wasioguswa. Baada ya raundi tatu au nne, zijumlishe. Mara nyingi swali linalokuja ni kama punguzo lilihitajika kabisa, au ilitosha kumkumbusha mtu kwamba chupa yake imeisha.

Kila baada ya miezi mitatu nakili faili, ongeza mauzo mapya, ondoa yaliyozidi miezi 12, badilisha H1, na ukokotoe mapengo upya. Kisha weka kundi la zamani na jipya pembeni kwa pembeni. Mstari wa kutazama kwanza ni wa waliokuwa Nguzo na sasa ni Wanaoyumba.